Ijara Katika Mizania: Haki ya Kutumia, Deni la Pango na Swali la Riba



Ndugu zangu wanafunzi, kaka na dada, sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu tunakutana na ijara katika fiqhi ya miamala, na wenzetu wa biashara wanakutana nayo katika uhasibu kwa jina la upangaji. Tukikaa pamoja baada ya swala, swali moja hurudi mara kwa mara. Kampuni imepanga jengo, haikukopa hata shilingi moja, lakini ukifungua hesabu zake unakuta mstari ulioandikwa gharama ya riba kwa ajili ya jengo hilo. Baadhi yetu husema kwamba basi kupanga nako kumeingia riba. Wengine husema hayo ni mambo ya wahasibu, hayatuhusu.

Naona majibu yote mawili yana kasoro. La kwanza linaharamisha kitu kwa sababu ya jina lake. La pili linatuacha bila elimu siku tutakapoulizwa na mfanyabiashara wa Kiislamu kuhusu zaka yake, akiwa na mizania mkononi yenye deni la pango ndani yake. Kwa hiyo katika makala hii nitaeleza kiwango cha kimataifa kinavyotaka upangaji uandikwe, nitafanya mfano mmoja wa duka mpaka mwisho, kisha nitarudi kwenye riba na zaka.

Kilichobadilika mwaka 2019

Kiwango chenyewe kinaitwa IFRS 16. Kilitolewa Januari 2016 na kikaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2019, kikachukua nafasi ya IAS 17. Chini ya kile cha zamani, mpangaji aligawa mikataba yake mafungu mawili. Mkataba uliofanana na ununuzi kwa mkopo uliingia kwenye mizania. Mkataba wa kawaida wa pango haukuingia: kila mwaka aliandika pango kama gharama, na miaka iliyobaki ikatajwa tu katika maelezo ya nyuma ya hesabu.

Tatizo lilikuwa kwamba kampuni mbili zinazofanya kazi ileile zilionekana tofauti kabisa. Shirika la ndege lililonunua ndege kwa mkopo lilionekana na mali kubwa na deni kubwa. Lililopanga ndege za aina hiyohiyo kwa miaka mingi lilionekana jepesi, bila ndege na bila deni. Sir David Tweedie, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi inayotunga viwango hivi, alikuwa na mzaha wake maarufu kwamba angependa siku moja, kabla hajafa, apande ndege iliyomo kwenye mizania ya shirika linaloirusha. Bodi yenyewe ilikadiria kwamba kampuni zilizoko kwenye masoko ya hisa duniani zilikuwa na ahadi za pango za karibu dola trilioni 3.3, na zaidi ya asilimia 85 ya hizo hazikuonekana kwenye mizania.

Si jambo la mbali na sisi. Minara ya simu tunayoiona hapa Arua na njiani kwenda Koboko haimilikiwi yote na kampuni zinazotuuzia laini. MTN Uganda ilitangaza mwaka 2011 kuipeleka minara yake katika kampuni ya pamoja na American Tower, na baada ya hapo ikawa inalipia nafasi kwenye minara iliyokuwa yake. Kabla ya 2019, malipo ya namna hiyo yangeweza kupita kama gharama ya mwaka tu. Baada ya 2019, haki ya kutumia minara inakaa upande wa mali, na malipo yaliyobaki yanakaa upande wa madeni, mtu yeyote ayaone.

Upangaji ni nini hasa?

Kabla ya kuhesabu chochote, IFRS 16 inauliza kama kweli kuna upangaji. Inataka mambo mawili: kuna kitu maalumu kinachojulikana, na mteja ndiye anayekitawala kwa muda uliowekwa, yaani anapata karibu manufaa yake yote na anaamua kitumike vipi.

Chukua lori. Mfanyabiashara wa Arua anasema, "Nataka lori hili lenye namba hii kwa miaka miwili, mimi ndiye nitakayepanga safari zake na mizigo yake." Huo ni upangaji. Mwenzake anasema, "Nataka tani zangu ishirini zifike Kampala kila wiki," na mwenye malori anatuma gari lolote analoona linafaa. Hapo hakuna upangaji, kuna huduma ya usafirishaji, na gharama yake inaandikwa kadiri huduma inavyotolewa.

Waliosoma fiqhi ya Kishafii watakuwa wameshatabasamu. Maulamaa wetu walitofautisha zamani baina ya ijara ya kitu maalumu, ijaratul-ain, na ijara iliyo katika dhima, ijaratud-dhimma. Mnyama maalumu akifa safarini, ijara yake inavunjika kwa muda uliobaki. Lakini aliyeahidi kukufikisha, bila kutaja mnyama gani, anabaki na wajibu wa kuleta mwingine. Sisemi kwamba watunga viwango walisoma vitabu vyetu. Nasema mtu anayejua tofauti hii ya fiqhi hatapata shida kuelewa ukurasa wa kwanza wa kiwango.

Kuna jambo la pili linaloshangaza wengi. Mpangaji anaandika mali, na mwenye jengo naye haliondoi jengo lake kwenye vitabu vyake. Je, jengo moja limehesabiwa mara mbili? Hapana. Mwenye jengo ana raqaba, yaani kitu chenyewe. Mpangaji ana manfaa ya muda. Ndiyo maana kiwango hakisemi mpangaji aandike jengo. Kinasema aandike mali ya haki ya kutumia. Ni vitu viwili tofauti, kama fiqhi isemavyo kwamba ijara ni kuuza manfaa na si kuuza kitu.

Duka la miaka mitatu

Sasa tufanye mfano. Nimeutunga mwenyewe na nimechagua tarakimu zinazogawanyika vizuri, ili mtu aweze kufuata kwa kalamu na karatasi.

Kampuni ya Waislamu wa hapa inapanga duka Arua Hill kwa miaka mitatu. Pango ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, lakini kama ilivyo kawaida ya miji yetu mwenye duka anataka mwaka mzima mbele. Kwa hiyo kampuni italipa 14,400,000 mwanzoni mwa kila mwaka, mara tatu. Dalali amechukua 800,000. Kampuni imeuliza ingelipa kiasi gani kama ingepata fedha za miaka mitatu kwa dhamana ya namna hii, ikaona ni asilimia 20 kwa mwaka.

Siku ya kwanza mhasibu anajiuliza: nimebakiwa na malipo gani? Yale ya kwanza yameshalipwa, kwa hiyo si deni. Yamebaki mawili, moja baada ya mwaka mmoja na jingine baada ya miaka miwili. Kiwango kinataka yaletwe kwenye thamani ya leo:

```
14,400,000 / 1.20          = 12,000,000
14,400,000 / (1.20 x 1.20) = 10,000,000
Deni la upangaji           = 22,000,000
```

Hilo ndilo deni la upangaji. Mali ya haki ya kutumia hujengwa juu yake: deni 22,000,000, jumlisha pango lililolipwa mbele 14,400,000, jumlisha ujira wa dalali 800,000. Jumla ni 37,200,000. Kwa hiyo siku ya kwanza mali inaongezeka kwa 37,200,000, deni linaongezeka kwa 22,000,000, na fedha zinapungua kwa 15,200,000. Pande mbili zinalingana.

Kuanzia hapo mali na deni kila kimoja kinakwenda njia yake. Mali inachakaa sawasawa: 37,200,000 kwa miaka mitatu ni 12,400,000 kila mwaka. Deni linakua kwa asilimia 20 na kupungua kila malipo yanapofanyika:

```
Mwaka 1: 22,000,000 + 4,400,000 = 26,400,000
         kulipa 14,400,000, baki  12,000,000
Mwaka 2: 12,000,000 + 2,400,000 = 14,400,000
         kulipa 14,400,000, baki           0
Mwaka 3: hakuna deni, hakuna ongezeko
```

Sasa kusanya gharama. Mwaka wa kwanza ni uchakavu 12,400,000 na ongezeko la deni 4,400,000, jumla 16,800,000. Mwaka wa pili ni 14,800,000. Mwaka wa tatu ni 12,400,000. Miaka yote mitatu ni 44,000,000. Na fedha zilizotoka mfukoni ni ngapi? Mapango matatu 43,200,000 na dalali 800,000, yaani 44,000,000 zilezile.

Hapo pana kipimo cha kujua kama hesabu ni sahihi. Deni lazima lifike sifuri siku ya malipo ya mwisho, na jumla ya gharama lazima iwe sawa na jumla ya fedha zilizotoka. Kimojawapo kikikataa, mara nyingi sababu ni kwamba mtu ameingiza malipo ya kwanza ndani ya deni ilhali yameshalipwa, au amehesabu malipo kana kwamba yanafanyika mwisho wa mwaka na si mwanzoni.

Angalia pia kilichotokea kwenye faida. Kwa njia ya zamani kila mwaka ungebeba sawasawa, kiasi cha 14,670,000. Sasa mwaka wa kwanza unabeba zaidi na wa mwisho unabeba kidogo. Vilevile, mstari wa pango haupo tena. Umegeuka kuwa uchakavu na riba. Wawekezaji wengi hupenda kutazama faida kabla ya riba, ushuru na uchakavu, na faida hiyo hupanda ghafla bila duka kuuza hata sabuni moja zaidi. Ukilinganisha hesabu za kampuni za kabla na baada ya 2019, kumbuka hilo kabla ya kusifu.

Je, hii 4,400,000 ni riba?

Tuje kwenye swali letu. Neno lililoandikwa kwenye hesabu ni riba. Lakini hukumu ya sharia hufuata akdi, na jina lililoandikwa halibadilishi akdi. Basi tutazame akdi ilisema nini.

Akdi ilisema: manfaa ya duka hili kwa miaka mitatu, kwa 14,400,000 kila mwaka. Mwenye duka hakukopesha fedha. Hakuna shilingi aliyotoa ili irudi na ziada. Jumla atakayopokea ni 43,200,000 tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na haibadiliki kwa sababu mhasibu wa mpangaji amechagua asilimia 20 au 10. Kwa kweli mwenye duka huenda hajui kabisa kwamba kuna asilimia yoyote iliyotumika. Ile 4,400,000 ni kipimo cha mhasibu cha tofauti baina ya shilingi ya leo na ya mwakani. Na jambo kwamba muda una nafasi katika bei si geni kwetu, kwani wengi wa maulamaa wameruhusu bei ya kuuza kwa muda iwe juu ya bei ya taslimu, maadamu wawili wamekubaliana bei moja kabla ya kuachana na haiongezeki baadaye.

Taasisi ya AAOIFI, iliyoko Bahrain na inayotunga viwango kwa taasisi za fedha za Kiislamu, ililiona tatizo hili la jina. Kiwango chake cha uhasibu wa ijara, FAS 32, kilianza kutumika 1 Januari 2021. Nacho pia kinamtaka mpangaji aandike haki ya kutumia na deni. Lakini deni kinalionyesha kwa ukamilifu wake, kisha chini yake kinatoa gharama ya ijara iliyoahirishwa. Katika mfano wetu ingeonekana 28,800,000, toa 6,800,000, baki 22,000,000. Ile 6,800,000 ni 4,400,000 na 2,400,000 zetu zilezile, ila msomaji anaona wazi kiasi alichoahidiwa mwenye duka, na gharama inaitwa gharama ya ijara.

Lakini ndugu zangu, tusiteleze upande wa pili tukasema kwamba kila kitu kinachoitwa upangaji ni halali. IFRS 16 haiulizi maswali ya sharia, na mkataba mbovu huandikwa kwa tarakimu safi kama ulio mzuri. Maswali ni yetu. Mpangaji akichelewa, je, kiasi kinaongezeka na kwenda mfukoni kwa mwenye mali? Hiyo ni riba ya wazi, iitwe adhabu au iitwe vingine. Duka likiungua bila kosa la mpangaji, je, mkataba unamlazimisha aendelee kulipa? Katika ijara sahihi manfaa yakikatika na ujira unakatika, kwa sababu dhamana ya kitu iko kwa mwenye kitu. Na ule mkataba unaoishia kwa kumiliki, wa gari au mashine, je, uhamishaji wa umiliki ni akdi ya pekee baada ya ijara, au vyote viwili vimefungwa katika akdi moja? Majibu utayapata kwenye karatasi za mkataba, si kwenye mizania.

Sehemu mbili ambapo wengi hukosea

Ya kwanza ni muda. Kiwango kinaruhusu upangaji usiozidi miezi 12 uandikwe kwa njia nyepesi, kama gharama tu. Pia kinaruhusu hivyo kwa vitu vya thamani ndogo. Watunga kiwango walifikiria vitu vya kiasi cha dola 5,000 au chini vikiwa vipya, kama kompyuta au meza. Sasa katika miji yetu mikataba mingi ni ya mwaka mmoja unaojirudia wenyewe mpaka mmoja atoe notisi. Kampuni inasema: mwaka mmoja, basi njia nyepesi.

Si haraka hivyo. Mwishoni mwa 2019 kamati ya tafsiri ya viwango ilijibu suala la namna hii. Ilisema usitazame tu faini iliyoandikwa kwenye mkataba. Tazama hasara yote ya kiuchumi ambayo mtu angeipata kwa kuondoka. Kampuni iliyojenga chumba cha kuhifadhia fedha, ikaweka rafu za chuma na jenereta, na wateja wameshazoea mahali hapo, haiwezi kusema kwa dhati kwamba itaondoka baada ya miezi 12. Ukiona kampuni inachakaza marekebisho ya jengo kwa miaka mitano huku ikisema upangaji wa jengo hilo ni wa mwaka mmoja, jua kauli mbili hizo zinagombana.

Ya pili ni asilimia. Kama asilimia iliyojificha ndani ya mkataba inajulikana, hiyo ndiyo hutumika. Kwa duka la kawaida haijulikani, kwa hiyo mpangaji hutumia ile ambayo yeye mwenyewe angetozwa, kwa muda kama huo, dhamana kama hiyo, na mazingira ya uchumi kama hayo. Kosa la kawaida ni kuchukua asilimia ya mkopo wa dola, au ya kampuni mama ya ng'ambo, ukaiweka kwenye pango la shilingi la Arua. Katika mfano wetu, asilimia 10 badala ya 20 ingepandisha deni kutoka 22,000,000 mpaka karibu 25,000,000, na mkataba ni uleule.

Kampuni ya Kiislamu isiyokopa kwa riba hujiuliza ipate wapi asilimia hiyo. Haihitaji kukopa ili kuijua. Inaweza kutazama faida ambayo ingetozwa kwenye ununuzi wa murabaha wa muda na dhamana inayofanana. Hapa Uganda sasa tuna pa kuuliza, kwani sheria ya mabenki ilifungua mlango wa benki za Kiislamu mwaka 2016, na Salaam Bank ikapewa leseni mwaka 2023.

Niongeze kwamba duka dogo la familia halilazimiki kufuata haya yote. Kampuni ndogo zinaweza kutumia kiwango cha kampuni ndogo na za kati, ambacho bado kinagawa upangaji kwa mafungu mawili ya zamani. Mfano wetu unahusu kampuni inayofuata viwango kamili.

Deni hili na zaka

Hapa ndipo mambo yanapogusa haki ya maskini. Tuseme mwaka wa zaka wa kampuni yetu unatimia siku ya mwisho ya mwaka wa kwanza. Ina fedha taslimu na bidhaa za kuuza, jumla 100,000,000. Kwenye mizania deni la upangaji siku hiyo ni 26,400,000. Mhasibu anasema: toa deni, toa zaka kwenye 73,600,000. Zaka inakuwa 1,840,000 badala ya 2,500,000. Tofauti ni 660,000.

Je, ni sawa? Maulamaa wamekhitilafiana kama deni linapunguza mali ya zaka. Kauli mashuhuri katika madhehebu ya Shafii ni kwamba halizuii zaka. Wengine wamelipunguza, na wengi wa zama zetu wanaona hupunguzwa lile lililofika wakati wake, si la miaka ijayo. Kwa kauli hii ya mwisho, kiasi cha kuangaliwa ni 14,400,000 inayolipwa kesho yake, na zaka ingekuwa 2,140,000.

Lakini kabla ya kuchagua kauli, tutazame deni lenyewe ni la kitu gani. Pango la mwaka wa kwanza lililipwa mbele. Kampuni haidaiwi hata senti kwa siku ilizokaa dukani. Ile 26,400,000 yote ni bei ya manfaa ambayo bado haijayapata, ya mwaka wa pili na wa tatu. Wanazuoni wa Kishafii na Kihanbali husema ujira humilikiwa na mwenye kitu kwa akdi yenyewe. Wahanafi na Wamaliki husema akdi peke yake haitoshi; ujira huthibiti kadiri manfaa yanavyopatikana, au kwa sharti la kulipa mbele. Ukitafakari utaona IFRS 16 imekaa karibu na kauli ya kwanza, kwa kuwa inaandika deni mara tu duka linapokabidhiwa. IAS 17 ilikuwa karibu na ya pili.

Kuna na mizani ya pili. Mali iliyozaliwa pamoja na deni hilo, ile haki ya kutumia ambayo sasa ni 24,800,000, haimo katika mali ya zaka, kwa sababu si fedha wala si bidhaa ya kuuza. Basi mtu akiiacha mali nje ya hesabu, kisha akaliingiza deni lake ili apunguze, amechukua upande mmoja wa jambo moja. Mimi naona, na nasema hili kama mwanafunzi, kwamba mstari wa deni la upangaji usihamishwe mzimamzima kutoka mizania kwenda kwenye karatasi ya zaka. Anayefuata kauli ya kupunguza madeni aishie kwenye pango lililofika wakati wake. Na kampuni kabla ya kuamua imuulize sheikh mwenye elimu, ikimpelekea mkataba pamoja na mizania.

Tukumbuke kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni ya muda. Wahasibu wameandika deni la pango waziwazi baada ya miaka mingi ya kulificha nyuma ya kurasa, na katika hilo hatuna ugomvi nao. Kazi yetu ni kusoma kilichoandikwa, kukifuata mpaka kwenye akdi, na kumpa kila mwenye haki haki yake.

Mwenye swali au masahihisho anilete kwenye darsa, tufaidike sote. Nililopatia limetoka kwa Allah, na nililokosea limetoka kwangu.

Wallahu aalam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.